"Gepu lazima lizibwe": nani kakwambia?

Kila msimu wa matokeo ya robo mwaka napokea ujumbe ule ule kutoka kwa wateja: "Hisa imeacha gepu, nasubiri irudi kuziba ndipo niingie." Gepu ni uwazi unaobaki kwenye chati hisa inapofunguka mbali na bei iliyofungia jana yake, na kuziba ni bei kurudi hadi pale ilipofungia. Wengine wanajasiri zaidi, wanauza hisa za kukopa wakitegemea bei ishuke, na hoja yao ni hiyo hiyo. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

Dhana: Bei lazima irudi kuziba gepu.

Hakuna kinachoilazimisha. Tuichukue Nvidia. Tarehe 24 Mei 2023 hisa ilifunga kwa dola 305.38, New York ikimaliza siku wakati huku kwetu ni saa tano usiku. Soko likiwa limeshafungwa, kampuni ikatoa matokeo na kutaja mauzo inayoyatarajia robo inayofuata: dola bilioni 11 hivi, wakati wachambuzi walikadiria bilioni 7 na kidogo. Jiulize, baada ya kusikia hayo, nani angekubali kuuza hisa zake kwa 305? Wauzaji walipandisha bei wanayoitaka, na wanunuzi walipandisha wanayokubali kulipa. Kesho yake saa kumi na nusu jioni oda zilizokuwa zimerundikana zikakutanishwa kwa bei moja ya ufunguzi, takriban dola 385. Uwazi kwenye chati ya siku ndio huo: katika saa za kawaida za soko hakuna aliyeuziana kwenye bei za katikati. (Washa biashara ya saa za ziada kwenye chati yako, utaona sehemu kubwa ya safari hiyo ilifanyika usiku ule ule.)

Kwa hiyo gepu la namna hii si kazi iliyoachwa nusu. Thamani ya kampuni imekadiriwa upya, na ili bei irudi 305 lazima kitokee kitu cha kuwafanya watu waamini kwamba makadirio mapya si ya kweli. Hakikutokea. Siku chache baadaye bei ilivuka 400, na mwaka ukafungwa kwenye 495. Juni 2024 kila hisa moja ikagawanywa kuwa 10, hivyo 305 ile sasa inasomeka 30.5 kwenye chati. Hata Aprili 2025, soko zima lilipotikiswa na habari za ushuru wa Marekani, Nvidia haikushuka chini ya 86. Aliyeuza hisa za kukopa kwa 380 akingoja gepu lizibwe aliungua.

Imani hii inatoka wapi, basi? Inatoka kwenye magepu madogo yasiyo na habari yoyote nyuma yake. Hisa inafunguka juu kidogo, na kutikisika kwa kawaida kwa siku mbili tatu kunatosha kuirudisha. Hayo huzibwa mara nyingi, kweli, lakini si kwa sababu gepu lina uvutano. Bei ilikuwa jirani tu.

Halafu kuna kasoro ninayoichukia kuliko zote: kanuni hii haina muda. Februari 2022 Meta ilifunga kwa dola 323, ikatoa matokeo mabaya, na kesho yake ikafunguka kwenye 244 hivi. Gepu lile lilizibwa, ndiyo, Julai 2023. Lakini aliyenunua asubuhi ile akingoja 323 alishuhudia kwanza hisa ikishuka chini ya 90 mnamo Novemba 2022. Ukimwambia "si nilikwambia litazibwa," nadhani atakutazama tu. Kanuni ambayo haiwezi kukosea kwa kuwa haina tarehe haikusaidii kuamua ununue lini wala utoke wapi.

Ushauri wangu ni ule ule siku zote: ukiona gepu, acha kupima urefu wake, tafuta kwanza lilitokana na nini.

Dhana: Kila gepu la kushuka ni habari mbaya.

Angalia tarehe ya gawio. Siku hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya gawio, bei hufunguka chini kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe. Fedha imetoka kwenye kampuni inaelekea kwa wenye hisa, basi.

Dhana: Nimeweka oda ya kukata hasara, gepu halinihusu.

Linakuhusu sana. Oda ya kawaida ya kukata hasara haikuahidi bei. Bei ikifika pale au ikiruka chini yake, inageuka kuwa oda ya kuuza kwa bei yoyote iliyopo. Aliyekuwa na Meta na kuweka oda yake kwenye 310 hakuuza kwa 310, kwa sababu asubuhi ile hapakuwa na mnunuzi wa 310. Aliuza karibu na 244. Ukitaka kujikinga na matokeo, punguza idadi ya hisa kabla soko halijafungwa kwa mara ya mwisho kabla ya matokeo kutoka, na tarehe ya matokeo kampuni huitangaza mapema.