Barua ya benki imerudi na figa haifanani na leja: dhana tunazobeba na ukweli wake

Kila Februari, ofisi ikiwa imejaa mafaili ya klienti wa Desemba, sisi maodita tukiwa tumeandikia benki zao zituthibitishie balansi ya siku ya kufunga mwaka na majibu yamerudi, kuna hii simu lazima ipigwe. "Odita, benki wamekosea, wamekutumia figa ingine." Na mara nyingi benki haijakosea, na leja pia haijakosea sana. Shida ni dhana fulani ambazo watu wa akaunts tunarithi kwa wenye tulipata ofisini. Nitazipitia na kampuni moja ya vifaa vya ujenzi huko Industrial Area, Nairobi, jina tuache, figa nimezibadilisha lakini mambo ni yale yale.

Kampuni inafunga hesabu 31 Desemba 2023. Leja ya akaunti ya karenti ilikuwa inasoma sh. 4,386,920. Jibu la benki likaja na sh. 4,812,650. Benki iko juu na 425,730, na Madam wa akaunts ameshika kichwa.

Dhana: jibu la benki lazima lifanane na leja

Ukweli: hapana, na siku zikifanana kabisa kwa kampuni yenye inaandika hundi kila wiki mimi ndio huanza kuuliza maswali. Leja inaandika hundi siku umeikata, benki inaandika siku hundi imefika kwake. Halafu angalia kalenda, 31 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili, Jumatatu ni Nyu Yia, so chochote kiliingia benki Jumamosi na hakikuiva, kinaonekana Jumanne tarehe 2.

Kitu lazima kifanane ni jibu la benki na stetimenti ya benki ya siku hiyo hiyo. Hizo mbili zinatoka kwa mtambo mmoja wa benki, kwa hivyo zifanane hadi senti. Hapo ndio pa kuanzia, leja baadaye. Watu wengi wanaruka hii hatua, wanachukua barua wanaiweka kando ya leja, wanaanza kutafuta 425,730 kama funguo zimepotea.

Barua na stetimenti zikikataana, uliza vitu vitatu kwanza. Namba ya akaunti ni ileile? Tarehe ni 31 Desemba, ama mtu wa benki ameprinti balansi ya siku ameketi kujibu? Na ni balansi gani, ya vitabu vya benki ama ile ya pesa unaweza kutoa leo? Ukimaliza hizo tatu na bado hazikubaliani, hiyo si tofauti ya muda tena, manake hakuna hundi iko njiani kati ya benki na benki. Hapo ujue stetimenti ya PDF yenye klienti alikupea inaweza kuwa imechezewa, ama ni barua yenyewe si halali. Pigia benki simu, kwa namba umejitafutia mwenyewe, si ile imeandikwa chini ya barua.

Dhana: barua ni barua, hata klienti akiileta mwenyewe kwa bahasha

Ukweli: ISA 505, kanuni ya kimataifa ya ukaguzi kuhusu uthibitisho kutoka nje, inataka odita ashike hiyo shughuli mwanzo hadi mwisho. Klienti anasaini kuruhusu benki itoe siri zake, basi, kazi yake imeisha. Odita ndiye anatuma na jibu linarudi kwa odita moja kwa moja. Likipitia kwa klienti, hata kwa nia nzuri ati "nilikuwa napita tauni nikawachukulia", ushahidi umepungua nguvu, na dawa yake ni kuomba benki itume tena kwako.

Kama unaona huo ni usumbufu, kumbuka Parmalat ya Italia. Desemba 2003 Bank of America ilisema karatasi iliyokuwa inaonyesha karibu yuro bilioni 3.95 kwa akaunti ya kampuni tanzu ya Parmalat ilikuwa feki. Hesabu zilikuwa zimekaguliwa, barua ilikuwa kwa faili.

Dhana: ukishaona tofauti, pitisha jeno moja upeleke suspensi, leja ifanane

Hii ndio inanikera kabisa. Madam alikuwa tayari ameiandaa, dabiti benki 425,730, krediti suspensi, ile akaunti ya kuegesha tofauti haijaelezwa, na maelezo "kurekebisha na benki". Nikamwambia dada, tuketi kwanza.

Ukweli: tofauti ziko za aina mbili. Kuna zenye leja inajua na benki haijajua, hizo haziguswi na jeno yoyote, zinakaa tu kwa rekon, ile karatasi ya kulinganisha leja na benki. Na kuna zenye benki inajua na leja haijui, hizo ndio zinaandikwa kwa vitabu, kila moja mahali pake.

Tukaanza na benki, 4,812,650. Kulikuwa na hundi tatu zimekatwa na hazijafika benki, 310,000, 186,400 na 95,000, jumla 591,400, tunatoa. Kulikuwa na hundi ya mteja ya 148,300 iliyopelekwa benki Jumamosi asubuhi tarehe 30, stempu ya benki iko kwa slipu, ikaingia Jumanne tarehe 2, tunaongeza. Tunafika 4,369,550.

Sasa leja, 4,386,920. Ada za benki za Desemba, 6,870, hakuna mtu alikuwa ameziandika. Hundi ya mteja ya 72,000 ilibaunsi tarehe 28, benki ikaitoa, leja bado inaihesabu kama pesa, so mteja anarudi kuwa mdaiwa. Na mteja mwingine alituma 61,500 moja kwa moja benki bila kuambia mtu, hiyo inaongezwa. Toa 6,870, toa 72,000, ongeza 61,500, unapata 4,369,550.

Zimekutana. Kwa yale tulikuwa tumeona hadi hapo, jeno za kweli zinashusha leja na 17,370, wakati ile ya suspensi ingeipandisha na 425,730. Yaani ingekuwa imefunika kila kitu, na ile hundi iliyobaunsi ingebaki imejificha humo ndani.

Dhana: rekon ikishabalansi, kazi imeisha

Madam akafunga faili. Mimi nikaomba stetimenti ya Januari.

Ukweli: rekon inaweza kubalansi na bado iwe na uongo, manake kubalansi ni hesabu tu. Kama mtu ameorodhesha hundi, hesabu haiulizi hiyo hundi iko wapi. Stetimenti ya mwezi unaofuata ndio inajibu. Hundi zetu siku hizi zinaiva siku ya kazi inayofuata ikishapelekwa benki, kwa hivyo hundi imekatwa mwisho wa Desemba na kweli imepewa saplaya, unatarajia kuiona wiki za kwanza za Januari.

Ile ya 186,400 ilipita tarehe 4 Januari, safi. Ile ya 148,300 tumeshaona iliingia tarehe 2, safi pia (ingeingia tarehe 15 ningeuliza ilikuwa imelala wapi, manake hapo mara nyingi ni mapato ya Januari yamevutwa nyuma). Ile ya 310,000, yenye tarehe 30 Desemba, hakuna Januari yote.

Nikauliza, hii hundi mlipeleka lini? Kimya. Halafu akavuta droo ya chini, akatoa kitabu cha risiti, chini yake hundi imebanwa na klipu pamoja na invoisi ya saplaya, sahihi mbili ziko, kila kitu kiko. Akaniambia polepole, "Mzee alisema madeni yasionekane mengi mwisho wa mwaka."

Hundi iko kwa droo haijalipa mtu. Kampuni bado ina hizo pesa na bado ina hilo deni. So zinarudishwa zote mbili, dabiti benki 310,000, krediti saplaya 310,000. Angalia ujanja wenyewe, faida haikubadilika hata shilingi moja, ni pesa na madeni tu vilipunguzwa pamoja, ndio maana ukiangalia faida peke yake huwezi kushtuka.

Ya 95,000 nayo ilikuwa ya tarehe 11 Mei 2023. Hundi hapa ikipitisha miezi sita imechacha, benki inairudisha, kwa hivyo tangu Novemba haikuwa inangoja chochote. Inarudishwa pia kwa deni la saplaya. Isipelekwe kwa mapato, kuna watu hufanya hivyo ati ni "pesa imeokolewa", lakini saplaya bado anadai, ni karatasi ndio imekufa.

Sasa leja inasoma 4,369,550 jumlisha 310,000 jumlisha 95,000, yaani 4,774,550. Na benki, 4,812,650 toa ile hundi moja halali ya 186,400, ongeza 148,300, ni 4,774,550. Imebalansi tena, lakini iko tofauti na ile ya kwanza kwa 405,000.

Dhana: barua ya benki ni ya kujua balansi tu

Ukweli: balansi ni mistari ya juu tu. Chini kuna mikopo na riba yake, ovadrafti, garantii benki imetoa kwa niaba yako, na mali imeshikwa kama dhamana. Halafu benki nyingine hujibu akaunti ulizotaja peke yake, so ukiomba andika hata zile za sifuri na zile zilifungwa katikati ya mwaka.

Hii kampuni ilikuwa na fiksidi ya sh. 2,000,000, leja 2,000,000, barua 2,000,000. Mtu angepiga tiki aende chai. Lakini barua iliendelea kusema iliwekwa 2 Oktoba kwa asilimia 10 kwa mwaka, na riba haijalipwa. Hadi 31 Desemba ni siku 90, milioni mbili mara asilimia 10 mara 90 gawanya 365, ni 49,315. Hiyo ni mapato ya 2023 hata kama pesa itaingia 2024, na inaandikwa nzima, ile asilimia 15 ya kodi ya zuio inakuja siku benki inalipa.

Mstari wa mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, ulisema fiksidi yote imeshikwa na benki kwa sababu ya garantii ya tenda. Hakuna figa inabadilika hapo, lakini kwa maelezo ya hesabu lazima iandikwe kwamba hiyo pesa haiguswi. Nilipomwonyesha Mzee huo mstari alivaa miwani akausoma mara mbili, kisha akaniambia alikuwa amepanga kuivunja hiyo fiksidi mwezi wa tatu amlipe yule saplaya wa hundi ya droo.