Frilansa, wakala au mwajiriwa? Soma meseji za wateja wako kwanza

Wenye kampuni ndogo hapa Mwanza wakitaka mtu wa kushika kurasa zao za mitandaoni na kujibu wateja, huanza na bei: frilansa anataka ngapi, wakala wa matangazo anatoza ngapi. Mimi huomba kwanza meseji za wateja za wiki mbili, kisha nazigawa. Ipi inajibika kwa orodha ya bei? Ipi inataka mtu aende stoo akaangalie? Ipi inataka mwenye mamlaka ya kurudisha hela?

Tuchukue mfano wa kampuni ya Ilemela inayofungasha dagaa na kuwatuma kwa basi hadi Dodoma na Dar es Salaam. Inapata meseji 20 kwa siku, kila moja inakula dakika tano. Hiyo ni saa moja na dakika 40. Kwa hesabu hiyo frilansa wa jioni anatosha. Mwajiriwa wa siku nzima ataonekana mzigo, hasa ukikumbuka mchango wa NSSF, asilimia 20 ya mshahara, ambao mwajiri hubeba angalau nusu yake.

Lakini zisome. Meseji 12 kati ya hizo ni za stoo: mzigo wangu umepanda basi gani, dagaa wa leo wana mchanga, mbona bei imepanda? Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea wanapungua, na bei ya Mwaloni Kirumba inapanda. Frilansa aliyeko kwake Nyegezi hayaoni hayo. Anampigia meneja, meneja yuko mwaloni hapokei, na mteja anaenda kununua kwingine. Ukikuta "ngoja niulize" imejaa kwenye majibu yenu, kinachowaumiza ni umbali kati ya anayejibu na stoo. Frilansa hodari kuliko huyo atakwama palepale.

Kampuni hii ningeishauri iajiri mtu mmoja wa kutuma mizigo na kujibu wateja. Anayeandika namba ya basi ndiye anayemjibu mteja, na siku yake inajaa. Mpe pia kiwango anachoweza kurudisha bila kuomba ruhusa, tuseme shilingi 20,000, la sivyo malalamiko yatalala hadi bosi arudi.

Zile 12 zingekuwa za kuuliza orodha ya bei na mahali duka lilipo, ningechagua frilansa bila kusita. Wakala namwitia kazi yenye mwanzo na mwisho, kama picha na matangazo ya kuzindua pakiti mpya. Majibu ya kila siku mara nyingi humwangukia kijana wake mmoja mwenye kurasa za wateja wengi, naye hawezi kuijua stoo yako.

Yeyote utakayemchukua, laini ya WhatsApp Business isajiliwe kwa jina la kampuni na simu yake ibaki ofisini. Yeye mwunganishie kifaa chake kupitia Linked Devices. Akiondoka, unakiondoa kifaa hicho, na namba inabaki kwako pamoja na wateja wote.