Kwa nini mwembe uliozaa sana mwaka huu hukunyima mwaka ujao

Mwembe wa aina ya Apple ukijaa mwaka huu kisha mwaka ujao ukatoa maembe ya kuhesabu, wakulima wengi wa huku Kisumu husema mti umechoka. Ni kweli kwa sehemu, maana matunda hula wanga uliowekwa kwenye matawi na mizizi. Lakini sababu nyingine unaweza kuiona kwa macho, kwenye ncha za matawi.

Maua ya mwembe hutoka kwenye ncha ya kitawi kilichokomaa, chenye umri wa miezi 4 hadi 6 hivi. Kitawi kilichobeba tunda hakichipui, kwa kuwa chakula kinavutwa na tunda. Pia mbegu yake changa hutoa jiberelini, homoni inayozuia maua. Ukishavuna hubaki kikonyo kikavu. Machipukizi mapya itabidi yatoke kwenye macho ya pembeni, chini yake.

Chukua mti wenye ncha 100. Tuseme 80 zimezaa na mavuno yameisha Februari. Mti umekwisha nguvu, kwa hiyo hizo 80 zinachipua Mei. Zile 20 ambazo hazikuzaa zilichipua tangu Novemba. Kufika Julai, mvua ikipungua na mti ukiwa tayari kutoa maua, 20 zina miezi 8 na 80 zina miezi 2. Zinazochanua ni 20. Mwaka huo mzigo ni mdogo, mti unachipua kila upande mapema, na mwaka unaofuata karibu ncha zote zinachanua pamoja. Mzunguko unaanza tena.

Kazi yako basi ni kuwahisha machipukizi. Ndani ya wiki 2 baada ya kuvuna, kata kila ncha iliyozaa chini kidogo ya kikonyo, kisha weka samadi na umwagilie kama mvua haijafika. Usiweke mbolea ya naitrojeni karibu na msimu wa maua, kwani mti utatoa majani.

Mwaka wa mzigo mkubwa, ondoa pia mashada ya vitunda kwenye robo ya ncha, ukiyatawanya mti mzima. Subiri vitunda vifike ukubwa wa goroli. Ukikata mapema, maua yakiwa bado machanga, mti unaweza kutoa maua mengine pembeni badala ya kitawi, na hutakuwa umepata kitu.

Wengine hupulizia potasiamu nitreti, gramu 20 kwa lita ya maji. Inaamsha maua kwenye kitawi kilichokomaa tu. Kunja jani kwanza: likiwa la kijani kilichokolea na likavunjika kwa mlio, limekomaa. Likiwa laini au la rangi ya shaba, dawa hiyo ni hasara.

Na kama mti ulichanua vizuri kisha maua yakawa meusi au yakafunikwa na unga mweupe, hapo tatizo si zamu ya kuzaa. Huo ni ugonjwa wa chule au ubwiri unga, na dawa yake ni nyingine kabisa.