Nyuzi 0.5 za nyonga: kubana animesheni kwa simu zenye memori ndogo bila mguu kuteleza

Ukifungua mipangilio ya kuingiza animesheni kwenye Unity na kuchagua `Keyframe Reduction`, utakuta `Rotation Error` imeandikwa 0.5. Kwa maneno mengine, injini inaruhusiwa kufuta fremu kuu yoyote, ilimradi mzunguko wa mfupa unaopatikana baada ya kuifuta usipishane na ule wa asili kwa zaidi ya nyuzi 0.5. Namba hiyo moja hutumika kwa mifupa yote ya klipu, kuanzia nyonga hadi ncha ya kidole cha mwisho. Anayeandaa toleo la simu dhaifu huipandisha hadi 1, kisha 2, na memori hupungua kweli. Kisha mhusika aliyesimama tu akipumua huanza kuteleza miguu kana kwamba sakafu imemwagiwa mafuta.

Wengi wakifika hapo huirudisha namba chini na kukubali kulipa memori. Mimi naona tatizo si ukubwa wa namba hiyo. Tatizo ni kupima kosa kwa nyuzi kwenye kila mfupa peke yake, wakati mchezaji haoni nyuzi. Anachoona ni umbali ambao wayo au kiganja kimehama kwenye skrini.

Tuanze na memori yenyewe. Chukua kiunzi cha mifupa 60 na klipu ya kutembea ya sekunde 2, fremu 30 kwa sekunde. Ukihifadhi kila kitu kama kilivyo, kila mfupa una kwaternioni ya baiti 16, mahali baiti 12 na ukubwa baiti 12, jumla baiti 40 kwa fremu. Klipu nzima inakuwa baiti 144,000. Mhusika mwenye sekunde 200 za miondoko atakula zaidi ya MB 14, na huyo ni mmoja tu.

Punguzo kubwa la kwanza halihitaji kosa lolote. Kwa binadamu wa kawaida ukubwa wa mfupa haubadiliki, na mahali pake kulingana na mzazi hapabadiliki pia, isipokuwa nyonga. Grafu hizo zote zihifadhiwe kama thamani moja isiyobadilika. Kisha kwaternioni ibanwe kuwa biti 48: unaacha kijenzi chenye thamani kubwa zaidi, unahifadhi vitatu vilivyobaki kwa biti 15 kila kimoja, na biti 2 zinataja kilichoachwa. Kosa lake ni sehemu chache za elfu za nyuzi moja, halionekani kokote. Sasa mizunguko ya klipu yetu ni baiti 21,600. Kama mradi wako haujafanya haya, acha kugusa kosa linaloruhusiwa hadi uyamalize, kwa sababu utakuwa unauza ubora ili kununua kitu ambacho ungekipata bure.

Kuanzia hapa ndipo biashara ya kosa kwa memori inapoanza. Tuseme umeruhusu nyuzi 0.5 kwa kila mfupa, na kwenye klipu hii kila mfupa unabakiza wastani wa fremu kuu 15 kati ya 60. Kila fremu kuu ina baiti 6 za mzunguko na baiti 1 ya namba ya fremu. Jumla ni baiti 6,300.

Tufuate mguu sasa. Kutoka nyonga hadi sakafuni kuna takribani milimita 900, kutoka kiungo cha paja 850, kutoka goti 450. Nyuzi 0.5 ni radiani 0.0087, kwa hiyo kosa la nyonga peke yake linaweza kuhamisha wayo milimita 7.9, la paja 7.4, la muundi 3.9. Yakielekea upande mmoja kwa wakati mmoja, wayo umehama milimita 19. Kwa upande mwingine kuna kidole cha mkono: kutoka kifundo chake cha kwanza hadi ncha ni milimita 80, na nyuzi zilezile 0.5 zinaihamisha ncha kwa milimita 0.7. Ni kama mlango: ukiusogeza kidogo tu kwenye bawaba, ukingo wa mbali unasafiri. Tumekuwa wakali mno kwenye vidole, ambavyo mara nyingi ni nusu ya mifupa yote ya kiunzi, na walegevu kwenye mifupa michache inayobeba mwili mzima.

Je, milimita 19 ni nyingi? Inategemea kamera. Mhusika wa mita 1.8 akichukua pikseli 240 za urefu wa skrini, pikseli moja ni milimita 7.5, na kosa letu ni pikseli mbili na nusu. Akisogezwa karibu hadi pikseli 600, pikseli moja ni milimita 3 na kosa ni zaidi ya pikseli sita. Kwa hiyo mimi huanza na swali la kamera: ni kwa ukaribu gani mhusika huyu ataonekana kwenye mchezo halisi? Jibu hilo linanipa bajeti kwa milimita, na nyuzi zinatokana na bajeti.

Kugawa bajeti si kazi ngumu. Kwa kila mfupa tafuta urefu wa mkono wake, yaani umbali hadi ncha ya mbali ya mnyororo, pamoja na unene wa ngozi inayoufunika. Gawa bajeti ya ncha kwa idadi ya mifupa iliyo kwenye mnyororo, kisha geuza fungu la kila mfupa kuwa pembe:

```python
import math

def pembe_ruhusa(bajeti_mm, idadi, mkono_mm):
    fungu = bajeti_mm / idadi
    return math.degrees(fungu / mkono_mm)
```

Tukiupa wayo bajeti ya milimita 6 kwa mifupa mitatu, kila mmoja unapata milimita 2. Nyonga inaruhusiwa nyuzi 0.13, paja 0.135, muundi 0.25. Kidole tukikipa milimita 3 peke yake kinaruhusiwa zaidi ya nyuzi 2. Mfupa ulio kwenye minyororo kadhaa, kama nyonga, uchukue pembe ndogo kuliko zote unazopewa. Na mahali pa nyonga pasisahaulike: kosa la pale linahamia kwenye wayo milimita kwa milimita, na linakula kutoka bajeti ileile.

Matokeo yake huwashangaza wengi. Tuseme mifupa 12 ya kiwiliwili na miguu sasa inabakiza fremu kuu 24, vidole 30 vinabakiza 4 tu, na mifupa 18 iliyosalia inabaki na 15. Hesabu ni 2,016 na 840 na 1,890, jumla baiti 4,746. Klipu imepungua kwa robo, na kosa baya zaidi la wayo kutokana na mizunguko limeshuka kutoka milimita 19 hadi 6. Hapakuwa na haja ya kuchagua kati ya memori na ubora. Tulikuwa tunatumia baiti mahali ambapo hakuna anayetazama.

Wazo hili si langu. Maktaba ya kubana animesheni iitwayo ACL, inayotumika kwenye Unreal, hupima kosa kwa nukta za kubuni zilizowekwa kwa umbali fulani kutoka kila mfupa, sentimita 3 kwa kawaida, na huulinganisha mkao wa mwili mzima badala ya mfupa mmoja mmoja. Ukiwa na injini inayokupa namba moja tu kwa klipu nzima, itabidi upunguzaji wa fremu uufanye mwenyewe kabla ya kuingiza, au uandike hatua yako ya uchakataji.

Kuna jambo ambalo hata kipimo cha milimita hakilikamati. Wayo uliohama milimita 6 na kubaki hapohapo muda wote hauonekani na mtu yeyote, maana mchezaji hana wayo wa asili wa kulinganisha nao. Wayo uliokanyaga chini halafu ukaenda milimita 3 mbele na kurudi 3 nyuma ndani ya fremu kumi unaonekana mara moja, kwa sababu sakafu iko pale na haisogei. Fremu kuu zikiwa chache, grafu hupita juu na chini ya ile ya asili polepole, na huo ndio utelezi wenyewe. Kwa hiyo katika kipindi cha mguu kukanyaga mimi napima kasi ya wayo badala ya mahali pake. Njia rahisi ninayoipenda ni kutia alama fremu za kukanyaga, kisha kuzidisha bajeti ya mnyororo huo kwa 0.25 ndani ya fremu hizo tu. Fremu kuu chache zinaongezeka palepale panapohitajika, na hatua ya mguu hewani inabaki legevu.

Vivyo hivyo kwa mhusika aliyeshika bunduki kwa mikono miwili. Kila mkono unaweza kuwa ndani ya bajeti yake huku kimoja kikipanda na kingine kikishuka, na kiganja cha kushoto kikaonekana kuchezacheza juu ya chuma. Hapo pima umbali kati ya viganja viwili, si kila kimoja na asili yake.

Njia nyingine ya kupunguza kosa ni kubana wazazi kwanza, halafu kumhesabu mtoto upya dhidi ya mzazi aliyekwisha kubanwa, ili arekebishe sehemu ya kosa la juu yake. Inafanya kazi, lakini ina gharama: grafu ya mtoto inabeba mawimbi ambayo hayakuwa ya kwake, na itadai fremu kuu zaidi. Naitumia kwenye kifundo cha mguu na cha mkono. Kuitumia kiunzi kizima kwa kawaida hurudisha memori uliyoiokoa.

Klipu zinazojirudia zinahitaji uangalizi wa ziada. Fremu ya kwanza na ya mwisho zikibanwa kila moja kivyake, zote zinaweza kuwa ndani ya bajeti na bado zisilingane, na mwili utashtuka kila mzunguko unapoanza upya. Funga fremu hizo mbili ziwe na thamani moja kabla ya kupunguza chochote.

Mwisho, ukaguzi wa memori ufanyike kwenye simu yenyewe, kwa kutumia profaila ya injini. Ukubwa wa faili la kusakinisha hudanganya, kwa kuwa faili hilo limebanwa tena kwa namna ambayo RAM haifaidiki nayo: grafu zenye thamani zinazojirudia hupungua sana ndani ya faili na kurudi ukubwa wake kamili zikipakiwa. Angalia pia muda wa kusoma mkao kwenye prosesa. Fremu kuu zisizo na mpangilio sawa hulazimisha injini kutafuta, kwa kila mfupa, fremu mbili zinazozunguka wakati uliopo, na wahusika ishirini wakiwa skrini moja kazi hiyo huonekana. Ikifika hapo, mifupa ya vidole vya wahusika wa mbali ndiyo ya kwanza kuiondoa kabisa kwenye kiunzi.