Je, wajua? Jina la mwisho la Mhispania si jina la babu yake

"Mgeni wetu kutoka Hispania ana majina matatu kwenye pasipoti. Lipi niandike kuwa la mwisho, na la katikati ni la nani?"

Kwa kawaida la katikati ni la ukoo wa baba, na la mwisho ni la ukoo wa mama. Yote mawili kwa pamoja ndiyo majina yake ya ukoo, kwa hiyo kwenye fomu au tiketi yanakaa kwenye kisanduku kimoja.

Kosa la kuyatenganisha nililifanya mwenyewe nilipokuwa nakata tiketi za wageni. Nimezoea majina yetu: Juma Hamisi Ali ni Juma, mtoto wa Hamisi, mjukuu wa Ali. Kwa hiyo la katikati nililiweka kwenye "jina la kati", na lililobaki nikalifanya la ukoo. Tiketi ikatoka na jina la ukoo wa mama peke yake, na kaunta ya uwanja wa ndege ikamzuia mgeni kwa sababu haikulingana na pasipoti. Kumbe jina la katikati, ambalo nililiona kama nyongeza, ndilo linalotangulia kwa uzito.

Kosa hilo linachochewa na watu mashuhuri. Mshairi Federico García Lorca anaitwa Lorca duniani kote, na mchoraji Pablo Ruiz Picasso anaitwa Picasso, hivyo mtu huamini kwamba la mwisho ndilo la ukoo. Lakini García ndilo jina la ukoo lililoenea kuliko yote Hispania, na Ruiz nalo ni la kawaida sana. Lile la mama lilishika kwa kuwa ni adimu zaidi. Kwenye orodha ya alfabeti mshairi huyo anatafutwa kwenye G.

Itazame familia yake. Baba aliitwa Federico García Rodríguez, mama Vicenta Lorca Romero. Ni kama kila mzazi ameshika nyuzi mbili mkononi na anampa mtoto ule wa kwanza tu. Baba akatoa García, mama akatoa Lorca. Rodríguez na Romero zikabaki kwa wazazi. Ndiyo maana watoto wao wote waliitwa García Lorca, ilhali si baba wala mama aliyekuwa na jozi hiyo. Binti yao Concepción aliolewa na Manuel Fernández-Montesinos Lustau, akabaki García Lorca vilevile, kwa sababu mke wa Kihispania habadili jina. Mtoto wao wa kiume akawa Manuel Fernández-Montesinos García. Kizazi kimoja tu, na Lorca imeshatoka. Kistari nacho kina kazi: Fernández-Montesinos ni uzi mmoja.

Kumtanguliza baba ni mazoea, si lazima tena. Tangu sheria ya mwaka 1999 wazazi wanaweza kukubaliana kutanguliza jina la mama, na tangu 2017 wanatakiwa kutaja wenyewe mpangilio wanaoutaka. Kwa hiyo usiape kwamba la kwanza ni la baba. Na ukipokea mgeni Mreno au Mbrazili, kwao la mama ndilo hutangulia mara nyingi.

Wala usikisie kwa kuhesabu maneno, maana José Luis ni jina moja la kupewa lenye maneno mawili. Fungua pasipoti: yaliyo chini ya APELLIDOS ni ya ukoo, yaliyo chini ya NOMBRE ni ya kupewa. Ukiwa bado na shaka, soma mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine. Pasipoti ya leo ingemwandika mshairi wetu hivi:

```
P<ESPGARCIA<LORCA<<FEDERICO<<<<<<<<<<<<<<<<<
```

P ni pasipoti na ESP ni Hispania. Baada ya hapo, alama moja ya < inatenganisha majina ya ukoo. Alama mbili zinaonyesha kwamba ya ukoo yamekwisha na la kupewa linaanza. Tiketi hufuata mgawanyo huohuo, na mifumo mingi huondoa nafasi na vistari:

```
GARCIALORCA/FEDERICO MR
```

Kuunganika huko si kosa la tahajia, usihangaike kuyatenganisha.

Kwenye hati ya Kiswahili yenye visanduku vitatu, andika Federico kwenye jina la kwanza, acha la kati wazi, kisha García Lorca kwenye la mwisho. Barua ianze na "Bwana García" au "Bwana García Lorca". Alama za juu ya herufi zibaki kwenye hati, ingawa tiketi huziacha. Mwenye jina Muñoz atakuwa MUNOZ kwenye tiketi, na kwenye hati abaki Muñoz. Ni kweli ñ hutamkwa kama "ny" yetu, lakini ukiandika Munyoz umeshamwandikia mtu mwingine.