Mkao wa kibosi na watu 42: kwa nini matokeo mengine ya utafiti hayarudiki

Mwaka 2010 watafiti watatu wa vyuo vikuu vya Marekani, Dana Carney, Amy Cuddy na Andy Yap, walichapisha matokeo yaliyozunguka dunia. Ukikaa dakika mbili tu katika mikao ya kibosi, mwili umetanuka na mikono iko kisogoni, homoni ya testosteroni hupanda, kotisoli, homoni ya msongo, hushuka, nawe huthubutu zaidi kubahatisha pesa. Waliopimwa walikuwa 42. Mwaka 2015 kundi lililoongozwa na Eva Ranehill lilirudia jaribio kwa watu 200. Homoni hazikusogea, wala uthubutu haukuongezeka. Kilichobaki ni hisia: waliokaa kibosi walisema wanajiona wana nguvu zaidi.

Dhana: Matokeo yasiporudika, mtafiti wa kwanza alipika takwimu.

Wapikaji wapo, lakini hapa hakuna aliyebuni namba. Mwaka 2016 Carney mwenyewe alitoa waraka wa wazi akisema haamini tena kwamba athari ile ipo, akaeleza kazi ilivyofanyika. Waliwapima watu kwa mafungu: kama 25, kisha 10, kisha 7, kisha 5, wakichungulia matokeo njiani. Baadhi ya watu waliondolewa kwa sababu kama kutofuata maelekezo. Maswali ya kujihisi na nguvu yalikuwa mengi, yakaripotiwa yale yaliyoleta jibu. Kwenye kubahatisha pesa, hesabu iliyozoeleka ya p, namba inayoonyesha bahati peke yake ingeleta tofauti kama hiyo mara ngapi, ilitoa 0.052; nyingine ikatoa 0.05, ambayo ndiyo kizingiti cha kawaida cha kukubali matokeo. Iliyoandikwa ni ile ndogo. Wakati ule, alisema, kuchungulia kulionekana ni kubana matumizi tu.

Huko ndiko kuchakachua p. Kila hatua ina sababu inayoeleweka, na ndiyo maana watu waaminifu huangukia humo. Namheshimu sana Carney kwa kuyasema hadharani.

Dhana: P ikiwa chini ya 0.05, matokeo ni kweli kwa asilimia 95.

P hujibu swali jingine kabisa: kama athari haipo, bahati peke yake ingeleta tofauti kubwa kiasi hiki, au zaidi, mara ngapi? Jibu la 0.05 ni mara 5 katika 100. Nalo huaminika pale tu mtafiti alipoamua mapema atapima watu wangapi, kwa kipimo gani, na nani ataondolewa.

Asipoamua, hali hubadilika. Fikiria mtu anayerusha shilingi akisema "tuendelee" kila anapokuwa nyuma na "basi" mara anapoongoza. Shilingi ni halali, ila matokeo yake hayana maana. Mwaka 2011 Joseph Simmons, Leif Nelson na Uri Simonsohn walipima madhara hayo kwa kompyuta, wakitumia data ambazo hazina athari yoyote ndani yake. Kuanza na watu 20 kila kundi, kuchungulia, kisha kuongeza 10 kila upande kulipandisha matokeo ya uongo kutoka asilimia 5 hadi 7.7. Walipojumlisha na uhuru wa kuchagua kipimo, kuingiza jinsia kwenye hesabu na kuacha kundi mojawapo, yalifika karibu asilimia 61.

Dhana: Athari iliyoonekana kwa watu wachache lazima iwe kubwa kweli.

Ni kinyume chake. Kundi dogo huvuka kizingiti cha 0.05 pale tu tofauti inapotokea kuwa kubwa, hata kama imekuzwa na bahati. Tafiti ndogo zilizokosa bahati hiyo hubaki makabatini, na msomaji huona zile zilizovimba tu. Kwa hiyo anayerudia anahitaji watu wengi kuliko wa mwanzo. Akirudia kwa wachache, kushindwa kwake hakuthibitishi kitu.

Dhana: Dalili hizi huonwa na mtaalamu wa takwimu peke yake.

Nyingi zimo kwenye sehemu ya mbinu. Anza na idadi ya watu: je, wameeleza kwa nini waliishia 42 na si 60? Kisha tazama p zenyewe. Zikiwa 0.04, 0.048, 0.03, zote zimejibanza chini ya kizingiti, tia shaka, kwa sababu athari halisi ingetoa pia nyingi zilizo ndogo zaidi. Tazama kama athari inaonekana kwa wanawake tu, au baada ya kuondoa watu fulani, bila mtu kuitabiri.

Mwisho tafuta usajili wa awali, yaani mpango wa utafiti ulioandikishwa kabla ya kupima, kwenye tovuti kama ClinicalTrials.gov au OSF, ulinganishe kipimo kikuu kilichoahidiwa na kilichoripotiwa. Robert Kaplan na Veronica Irvin walichunguza majaribio makubwa ya tiba za moyo yaliyofadhiliwa na taasisi ya serikali ya Marekani. Kabla ya mwaka 2000, majaribio 17 kati ya 30 yalionyesha nafuu. Baada ya hapo, usajili ulipokuwa sharti, ni 2 kati ya 25.