Dola 40,000 zilizopotea kati ya Jebel Ali na Changamwe

Kazi yangu ni kuunganisha mifumo ya hesabu, na wateja wangu wengi wako hapa Mombasa: Shimanzi, Changamwe, mpaka Miritini. Swali ninaloulizwa sana na wenye kampuni zilizo na mama ng'ambo ni hili: je, nasi tuingie kwenye ERP ya makao makuu, yaani ule mfumo mmoja mkubwa wa hesabu, mauzo na ghala, au tubaki na yetu ndogo kisha tuiunganishe? Hiyo njia ya pili ndiyo ERP ya ngazi mbili. Makao makuu yanabaki na mfumo wao mzito, mathalani SAP S/4HANA, na kampuni tanzu inaendesha kitu chepesi kama Odoo au ERPNext, halafu taarifa chache zinavuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili.

Nitaeleza kwa mteja mmoja. Anauza spea za malori Changamwe, ana wafanyakazi 26, na kampuni mama iko Dubai. Kuwaingiza kwenye mfumo wa Dubai kuliletewa bei ya shilingi milioni 9.5 za kuanzia na milioni 2.4 kila mwaka. Mfumo mwepesi pamoja na kiungo chake ulikuwa milioni 3 za kuanzia na laki 9 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu, milioni 16.7 dhidi ya milioni 5.7. Mtu akisoma hapo anafunga kitabu, lakini bei hiyo ya pili ni ya kiungo kimoja tu. Nitarudi hapo.

Pesa si sababu pekee. Hapa kila ankara ya mauzo lazima ipite eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, na tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi kwenye hesabu ya kodi ya mapato, isipokuwa zile chache zilizosamehewa. Utaratibu ukibadilika, fundi wa mfumo mwepesi aliye mjini anarekebisha wiki hiyo hiyo. Mfumo wa Dubai una foleni yake ya marekebisho, na Changamwe haiko mbele kwenye foleni hiyo. Halafu kuna madereva na wenye malori wanaolipa kwa M-Pesa kidogo kidogo, leo elfu tano, kesho elfu nane, kwa deni moja la elfu sitini. Mfumo wa makao makuu haukuwahi kufikiria mteja wa namna hiyo.

Basi tukaunganisha. Kila mwisho wa mwezi Changamwe inatuma urari wake, yaani orodha ya salio la kila akaunti, kila akaunti ikiwa imepewa namba ya akaunti ya kundi. Mwezi wa tatu tangu tuanze simu ikalia kutoka Dubai: wao wanaidai Mombasa dola 40,000, na kwenye urari wa Mombasa deni hilo halimo kabisa.

Nilikwenda ghalani. Mzee anayesimamia ghala, mtu wa miaka mingi kwenye spea, alinitazama kama nimeuliza swali la mtoto. "Mwanangu, mzigo sijaushika, nitauandikaje?" Kwake yeye alikuwa sawa. Dubai walitoa ankara tarehe 27, kontena lilipopakiwa Jebel Ali. Kontena likafika Kilindini mwezi uliofuata, likapitia forodha, ndipo mzee akaandika. Lakini mkataba wao ni FOB, yaani mzigo ni wa mnunuzi tangu unapopakiwa melini. Siku ya mwisho wa mwezi Mombasa ilikuwa na mali baharini na deni Dubai, na vyote viwili havikuwa kwenye vitabu.

Dawa haikuwa kumkemea mzee. Tulifungua akaunti ya mali iliyo njiani, na tukafanya kiungo kiende pande zote mbili: Dubai wakitoa ankara, faili yake inaingia Changamwe usiku huo huo na kuandika deni na mali ya njiani. Mzee anapopokea mzigo, anahamisha tu kutoka njiani kwenda ghalani.

Mwezi uliofuata tofauti ikarudi, safari hii dola 154. Hizi ndogo ndizo zinazomkosesha mhasibu usingizi, maana hazifanani na kosa lolote. Tuchukue viwango vya mfano. Deni liliandikwa dola ikiwa shilingi 129.30, kwa hivyo shilingi 5,172,000. Mwisho wa mwezi dola ni 129.80. Dubai wakigawa 5,172,000 kwa 129.80 wanapata dola 39,846, si 40,000. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IAS 21, inataka deni la fedha za kigeni lithaminishwe upya kwa kiwango cha kufunga mwezi, na tofauti iende kwenye faida na hasara. Mali ya njiani haiguswi, kwa sababu si fedha, inabaki kwa thamani iliyoandikwa siku ile. Karani alikuwa amesahau kubonyeza hatua hiyo kabla ya kutuma. Ilivyo sahihi ni hivi, `AE01` ikiwa namba ya Dubai:

```
tarehe,akaunti_kundi,mshirika,kiasi_kes
2025-03-31,mali_njiani,AE01,5172000.00
2025-03-31,hasara_fedha,,20000.00
2025-03-31,deni_kundi,AE01,-5192000.00
```

Jumla ni sifuri. Siku hizi kiungo kinakataa faili isiyofika sifuri, na kinakataa pia faili ambayo salio la `deni_kundi` kwa `AE01` halilingani na lile la Dubai kwa dola. Cheki ya kwanza peke yake haikutosha: ile faili yenye kasoro ya dola 154 ilikuwa sifuri vizuri kabisa. Na safu ya `mshirika` usiiache hata ukibanwa. Bila hiyo, makao makuu hayajui deni lipi lifutwe wakati wa kuunganisha hesabu za kundi.

Kuna kitu kimoja ambacho urari hauwezi kusema. Dubai waliuza kwa dola 40,000 bidhaa zilizowagharimu 32,000. Kwa kundi zima, faida ya 8,000 haipo mpaka spea ziuzwe kwa mtu wa nje. Ikiwa mwisho wa mwaka spea za dola 24,000 bado ziko rafuni Changamwe, basi asilimia 20 yake, dola 4,800, lazima iondolewe kwenye faida ya kundi. Urari unaonyesha jumla ya bidhaa ghalani bila kusema zipi zilitoka kwa mama na zipi zilinunuliwa kwingine. Tukaongeza alama kwenye kila bidhaa inayotoka Dubai, na ripoti moja ya ziada.

Hivyo ndivyo ilivyolipa: vitu vinavyovuka ni ankara za ndani, urari na ripoti hiyo, na vingi vinavuka mara moja kwa mwezi. Kiungo kikikwama usiku, asubuhi spea zinauzwa kama kawaida.

Mwaka jana wakaja na wazo jipya. Dubai wanataka kuona bidhaa za Changamwe papo hapo, waziwekee wateja wao wa Kampala, wapange bei kutoka kule, na wazuie mteja aliyepitisha kikomo cha mkopo popote alipo. Hivyo ni viungo vinne vipya, na vyote vya dakika kwa dakika. Kikikatika kimoja, watu wawili wanauza gearboksi ile ile. Kila kiungo nilikipa bei ya milioni 1.3 na laki 4 kwa mwaka, yaani milioni 10 kwa vinne ndani ya miaka mitatu. Juu ya 5.7 inakuwa 15.7, dhidi ya 16.7 waliyoikataa mwanzo, na hapo sijahesabu mtu wa kukesha navyo. Mkurugenzi aliitazama karatasi kimya, kisha akamwomba katibu amtafutie ile bei ya kwanza ya Dubai.